Kusubu kwa nta ipoteayo ni nini?

Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kalibu yagande yachukue umbo lake. Katika kusubu kwa nta, fundi hutengeneza kwanza sanamu ya nta, akaizungushia udongo, akaipasha moto mpaka nta ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina shaba palepale ilipokuwa nta. Nta ndiyo inayopotea, na ndipo jina lilipotoka. Ufundi huu ni wa kale sana, na si wa Afrika pekee: sanamu ndogo ya msichana iliyofukuliwa Mohenjo-daro, Pakistani ya leo, ilisubiwa hivi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Tuchukue kichwa cha Oba, mfalme wa Benin, katika Nigeria ya leo. Vichwa hivi viliwekwa kwenye madhabahu ya wafalme waliotangulia, na kazi ilikuwa ya chama cha mafundi kiitwacho Igun Eronmwon. Mtaa wao wa Igun, mjini Benin, unasubu mpaka leo.

Fundi huanza na kiini cha udongo, chenye umbo la kichwa lakini kidogo kuliko kile anachokitaka. Kikishakauka, anakipaka tabaka la nta ya nyuki, nene milimita chache tu. Unene wa nta hiyo ndio utakaokuwa unene wa shaba, na kwa sababu ya kiini kichwa kitakuwa na uwazi ndani, chepesi na chenye kutumia shaba kidogo. Hapo ndipo kazi ya macho na vidole inapoanza. Nta iliyopata joto la mkono hutii kila kitu: fundi anaviringisha uzi wa nta kiganjani, anaukata vipande, na kila kipande kinakuwa ushanga wa marijani kwenye kola inayompanda mfalme mpaka kidevuni. Kope, midomo, chale za usoni, vyote vinamalizwa hapa. Ukiniuliza, siri yote iko hapa: urembo tunaoustaajabia kwenye shaba ulifanywa kwenye kitu laini kama ugali uliopoa.

Kisha anapitisha misumari ya chuma kwenye nta mpaka iingie katika kiini, akiacha ncha nje. Anabandika vijiti vya nta vitakavyokuwa njia za kupitishia shaba na kutolea hewa. Udongo wa kwanza unaopakwa juu ya nta lazima uwe laini kabisa, mwepesi kama uji, uingie katika kila mkunjo. Ule mnene wenye nguvu unafuata baadaye. Kalibu inaachwa ikauke polepole.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 63 hivi za Selsiasi, kwa hiyo moto wa kawaida unaitoa yote. Sasa kiini kingebaki kikielea, na ile misumari ndiyo inayokishikilia katikati. Ikilegea, kiini kinaegemea upande mmoja, na shavu la mfalme linatoka na tundu. Unyevu nao ni hatari kubwa zaidi: shaba inapokutana na maji huyageuza mvuke papo hapo, na kalibu inaweza kupasuka mbele ya fundi. Ndiyo maana kalibu humiminiwa ikiwa bado ya moto, jambo ambalo pia linaizuia shaba isigande kabla ya kufika kwenye sikio au ncha ya pua.

Fundi anajuaje shaba ya kutosha? Anapima nta. Shaba iliyochanganywa na zinki ina uzito wa karibu mara tisa ya nta ya ukubwa uleule, kwa hiyo nusu kilo ya nta inadai kilo nne na nusu za shaba.

Baada ya kupoa, udongo unavunjwa. Kalibu haitumiki tena, na sanamu ya nta haipo. Shaba ikiwa imekwama njiani, kazi inaanzwa upya tangu kiini, au tundu linazibwa kwa kusubu kiraka juu yake. Kwa hiyo hakuna vichwa viwili vilivyo sawasawa, na huoni mstari wa maungio unaoachwa na kalibu ya vipande viwili. Ukichungulia ndani ya kichwa cha zamani, wakati mwingine unakuta mabaki ya udongo wa kiini.

Mabamba yaliyopamba nguzo za kasri la Oba katika karne ya 16 na 17 yalisubiwa kwa nta pia. Watu huyaita bronzi, yaani shaba na bati, ingawa mengi ni shaba na zinki. Huko Ife, mji mwingine wa Nigeria ya leo, karne kadhaa kabla, mafundi walithubutu hata shaba takriban tupu, inayohitaji nyuzi 1,085 ili iyeyuke, nzito kutiririka na yenye kufanya mapovu. Kinyago cha Obalufon, mfalme wa Ife, kilisubiwa kwa shaba hiyo, chenye ukubwa wa uso wa mtu.