Gharama zisizofyonzwa si matumizi yaliyopindukia

Mara nyingi mno, katika vikao vya kupitia hesabu, gharama za kiwanda zisizofyonzwa, yaani zile ambazo hazikubebeshwa bidhaa yoyote, hutajwa kana kwamba ni ushahidi wa ubadhirifu. Meneja wa kiwanda huulizwa fedha zimekwenda wapi, ilhali pengine ametumia pungufu ya alichoidhinishiwa.

Pango, ulinzi, uchakavu wa mitambo na mishahara ya wasimamizi ni gharama za bidhaa zote kwa pamoja. Kwa hiyo, kabla ya mwaka kuanza, makadirio yake hugawanywa kwa saa za mashine zinazotarajiwa, na kila bidhaa hubebeshwa sehemu yake kwa kadiri ya muda inaokaa kwenye mashine. Tuseme bajeti ni 480,000 na saa ni 12,000, ambazo ndizo uwezo wa kawaida wa kiwanda: kila saa itabeba 40. Bidhaa inayotumia saa 2 hubeba 80, na inayotumia nusu saa hubeba 20.

Mwaka unakwisha, na mashine zimefanya kazi saa 11,000 tu. Bidhaa zimefyonza 440,000, lakini gharama halisi ni 470,000, hivyo 30,000 hazikubebwa na bidhaa yoyote. Lawama huanzia hapo, na hazina haki, kwa sababu gharama halisi ziko chini ya bajeti kwa 10,000. Ikiwa gharama hizo zote ni za kudumu, yaani hazipungui kwa sababu tu saa za kazi zimepungua, basi saa 1,000 zilizokosekana, kwa 40 kila moja, ziliacha pengo la 40,000, na ubanaji wa matumizi ndio uliolipunguza hadi 30,000. Swali linalofaa kuulizwa ni kwa nini mashine zilisimama: ziliharibika, malighafi zilichelewa, au oda zilipungua? Jibu litapatikana kwenye kumbukumbu za kazi za kila mashine, wala si kwenye hati za malipo.

Kosa zito zaidi hutokea pale mhasibu anapoamua kugawanya 470,000 kwa saa 11,000 ili pengo litoweke. Kila saa sasa inabeba karibu 42.73, na bidhaa zinaonekana ghali ingawa namna ya kuzitengeneza haikubadilika hata kidogo. Bei ikipandishwa kwa kufuata hesabu hiyo, oda zinaweza kupungua tena, saa zikapungua nazo, na gharama inayobebwa na kila saa ikapanda zaidi. Isitoshe, bidhaa zilizobaki ghalani zitakuwa zimebebeshwa gharama ya mashine zilizolala, jambo ambalo kiwango cha uhasibu IAS 2 hakiliruhusu: gharama za kudumu hugawanywa kwa uwezo wa kawaida wa uzalishaji, na zisizofyonzwa huingizwa kwenye matumizi ya kipindi kilekile zilipotokea.

Anayeandaa taarifa, basi, asiiache ile 30,000 ikisimama peke yake, bali aionyeshe kwa sehemu zake mbili: 40,000 za saa zilizokosekana, kasoro 10,000 zilizookolewa katika matumizi.