Je, wajua kwa nini herufi hugeuka visanduku kwenye slaidi?

"Slaidi zangu zina Kiswahili, Kikuyu na Kilingala. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilikuwa sawa, lakini ukumbini zikatoa visanduku vitupu. Kwa nini? Na nitumie fonti gani?"

Kisanduku kile kimechorwa makusudi ndani ya fonti. Kila herufi unayoandika huhifadhiwa kwenye faili kama namba ya Yunikodi, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake: ũ ni U+0169, ɔ ni U+0254. Fonti nayo ina jedwali liitwalo `cmap`, linalofanya kazi kama daftari la mahudhurio: namba hii ipo, na umbo lake ni hili hapa. Namba isipokuwamo, fonti hutoa umbo lake la kwanza kabisa, liitwalo `.notdef`, ambalo kwa kawaida ni mstatili mtupu au wenye alama ya X ndani.

Kwa hiyo kisanduku kina nafuu yake. Maandishi yenyewe hayajaguswa. Yanakili, yabandike chini ya fonti nyingine yenye herufi hizo, na yatarudi kama yalivyokuwa. Ukiona "mÅ©ndÅ©" badala ya "mũndũ", huo ni ugonjwa mwingine: faili limesomwa kwa usimbaji usio wake, yaani kwa kanuni isiyo sahihi ya kugeuza data kuwa herufi, na hakuna fonti itakayoutibu. Ukiona "m?nd?", mara nyingi herufi imeshapotea njiani, na itabidi uiandike upya.

Sasa, kwa nini nyumbani kulikuwa shwari? Kwa sababu kompyuta ilikuwa inakufichia pengo. Programu inapokuta herufi isiyokuwamo kwenye fonti uliyochagua, huazima herufi hiyo moja kutoka fonti nyingine iliyopo kwenye mashine, bila kukuambia. Laptopu yako ina fonti nyingi, kwa hiyo daima hupatikana ya kuazima. Kompyuta ya ukumbini huenda ni ya zamani, haina fonti yako wala ile iliyokuwa ikikukopesha. Hapo mkopo hukosekana na kisanduku hujitokeza. Baadhi ya programu za michoro na video haziazimi kabisa, ndiyo maana slaidi iliyokuwa nzuri huharibika ikihamishiwa huko.

Mkopo huo unaweza kuuona kwa macho ukikaribia. Andika "mbɔ́tɛ", salamu ya Kilingala, kwa saizi ya 80 hivi. Kama ɔ na ɛ ni nene au nyembamba kuliko m, b na t, au zimekaa juu kidogo ya mstari, basi hazikutoka nyumba moja. Kuna njia ya uhakika zaidi: hifadhi slaidi kama PDF, ifungue kwa Adobe Reader, nenda File, kisha Properties, kisha Fonts. Orodha itakayotokea ni ya fonti zote zilizotumika kweli. Ukikuta jina la fonti ambayo hukuichagua popote, huyo ndiye aliyekukopesha.

Kiswahili chenyewe hakisumbui, na hapo ndipo wengi wanapoingia mtegoni. Herufi zetu ni zile za kawaida, na hata ng' ya ng'ombe inahitaji kiapostrofi tu. Mtu hujaribu fonti mpya kwa slaidi ya Kiswahili, inapendeza, anaifanya kuwa ya wasilisho zima. Kikuyu huja na ĩ na ũ. Luganda ina ŋ. Kilingala, kikiandikwa kwa tahajia kamili na si ile ya mitaani inayotosheka na e na o za kawaida, kina ɛ na ɔ na juu yake alama za toni. Fonti nyingi za mapambo zinazopakuliwa bure zilichorwa kwa ajili ya Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, kwa hiyo zina é na ñ lakini zinaishia hapo.

Kilingala ndicho kipimo kizuri kuliko vyote, kwa sababu kinafichua mambo mawili kwa mpigo.

La kwanza ni herufi kubwa. Herufi ndogo ɛ na ɔ zimo pia katika alfabeti ya kimataifa ya fonetiki, kwa hiyo mchoraji wa fonti anaweza kuwa amezichora kwa ajili ya kamusi bila kuwafikiria Wakongo hata kidogo. Kubwa zake, Ɛ na Ɔ, hazina kazi katika fonetiki, na zina namba zao tofauti kabisa: U+0190 na U+0186. Fonti inaweza kukuandikia mwili mzima wa slaidi vizuri, kisha ukiweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa, visanduku viwili.

La pili ni toni. Yunikodi ina ĩ iliyo tayari, herufi moja yenye namba moja. Ila ɔ́ iliyo tayari haipo. Ni lazima iundwe kwa ɔ ikifuatiwa na alama inayopanda juu yake, U+0301. Ndiyo maana "mbɔ́tɛ" inaonekana kuwa na herufi tano, lakini kwenye faili ni namba sita. Fonti basi inatakiwa kuwa na alama hiyo, na pia iwe na maelekezo ya mahali pa kuiweka juu ya kila herufi. Ikiwa na alama bila maelekezo, hutaona kisanduku. Utaona alama imeangukia pembeni, imegonga t inayofuata au inaelea hewani. Mimi naona kosa hili ni baya kuliko kisanduku, kwa sababu mtu asiyesoma Kilingala hupita bila kushtuka.

Kikuyu nacho kinaweza kukuletea shida hiyohiyo kwa mlango wa nyuma. Kuna kibodi zinazoandika ĩ kwa vipande viwili, i kisha alama ya tildi, U+0303. Kwenye fonti hafifu utaona i yenye nukta yake na tildi juu ya nukta, vimebanana. Kujua ulicho nacho, weka kishale baada ya herufi kwenye Word na ubonyeze kitufe cha kufuta mara moja. Ikiondoka tildi peke yake na i ikabaki, una vipande viwili. Futa i hiyo pia, andika 0129 kisha bonyeza Alt+X, na Word itakupa ile iliyo nzima.

Kabla ya kuikubali fonti yoyote kwa wasilisho la namna hii, ijaribu kwa mstari kama huu, katika unene wote utakaotumia, kwani wakati mwingine nene ina herufi chache kuliko ya kawaida:

```
Gĩkũyũ GĨKŨYŨ mũtĩ  mbɔ́tɛ MBƆ́TƐ kitɔ́kɔ  ŋ Ŋ  ng'ombe
```

Tovuti ya Google Fonts ina sehemu ya kubandika maandishi yako, ila kumbuka kuwa kivinjari nacho huazima, kwa hiyo angalia unene wa herufi. Kwenye Windows, programu ya Character Map haidanganyi kirahisi: chagua fonti, washa Advanced view, andika 0186 kwenye Go to Unicode, uone kama Ɔ imo. Kwa anayejua Python kidogo, akishasakinisha maktaba ya fonttools, fonti yenyewe itajibu:

```python
from fontTools.ttLib import TTFont
cmap = TTFont("fonti.ttf").getBestCmap()
print([hex(ord(c)) for c in "ĩũĨŨŋŊɛɔƐƆ\u0301" if ord(c) not in cmap])
```

Jibu likiwa `[]`, herufi zote zimo. Likiwa `['0x190', '0x186', '0x301']`, una fonti ya aina niliyoieleza: ndogo zipo, kubwa hazipo, alama ya toni haipo. Programu hii haikuambii kama toni itakaa mahali pake; hilo utaliona kwa macho kwenye ule mstari wa majaribio.

Fonti ninazozirudia kila mara ni Noto Sans, iliyoanzishwa na Google mahususi kupambana na visanduku hivi, pamoja na Andika na Charis SIL za SIL, shirika linaloshughulikia lugha. Zote tatu zina herufi hizo kubwa na ndogo, zinapanga toni vizuri, na leseni yake inaruhusu kuzitumia na kuzifungasha bure. Andika ilichorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, kwa hiyo inasomeka vizuri hata kwa anayekaa viti vya nyuma. Si fonti za kujionyesha, nakubali. Ukitaka madoido, yaweke kwenye namba na picha. Na ukibana nafasi kati ya mistari ili kichwa kipendeze, angalia toni ya Ɔ́ isigonge mstari wa juu.

Wasilisho likiwa na Kiarabu au Kiamhari, usidhani jina Noto Sans limemaliza kazi. Fonti moja haiwezi kubeba zaidi ya maumbo 65,535, wakati Yunikodi imeshapita herufi 149,000, kwa hiyo Noto imegawanywa: Kiarabu kina Noto Sans Arabic, Kiamhari kina Noto Sans Ethiopic, na kila moja husakinishwa peke yake. Tena PowerPoint hushika fonti ya Kiarabu kwenye nafasi tofauti na ile ya herufi za Kilatini, kwa hiyo unaweza kubadilisha fonti ya wasilisho lote na Kiarabu kikabaki na ya zamani. Hapo kagua slaidi zake moja moja. Dalili ya ubovu ni herufi zilizoachana badala ya kushikana.

Kilichobaki ni safari ya kwenda ukumbini. Kwenye PowerPoint ya Windows, nenda File, Options, Save, kisha weka alama kwenye Embed fonts in the file. Hapo kuna machaguo mawili. La kwanza hufungasha herufi zilizotumika tu, na faili hubaki dogo. La pili, Embed all characters, hufungasha fonti nzima. Chagua la pili kama mwenzako atarekebisha slaidi huko aendako, maana akiongeza neno lenye herufi ambayo haikuwamo mwanzoni, kisanduku kitarudi. Fonti ambayo leseni yake inakataza kufungashwa haitaingia hata ukiweka alama hiyo, na si kila programu ya slaidi inayozisoma fonti zilizofungashwa. Kwa hiyo beba na PDF pembeni. Miondoko ya slaidi itakufa humo, lakini kila umbo la herufi linasafiri ndani ya faili, na kompyuta ya ukumbini haitaombwa fonti yoyote.