Kupeleka malalamiko ya bili kwa mdhibiti, maana yake nini hasa

Watu wengi wanadhani mdhibiti, ile mamlaka inayosimamia kampuni za huduma kama umeme, ni kastama kea ya pili, yaani ukikosa msaada kwa kampuni unakuja huku kulia upya. Sivyo. Mdhibiti anaangalia kampuni ilipewa nafasi ya kurekebisha au la, na ilijibu nini, kwa hiyo ukienda mikono mitupu utarudishwa tu kwa kampuni ukaanze upya.

Chukua bili ya umeme. Mwezi uliopita mita ilisomwa 4098, mwezi huu bili imeandika 4812, yaani yuniti 714, wakati wewe ukienda kuangalia mita inasoma 4218, yuniti 120 basi. Msomaji wa mita kapindua tarakimu mbili, kitu kidogo kabisa lakini bili imelipuka. Hapo hapo piga picha ya mita, namba za usomaji na namba ya mita yenyewe zionekane kwenye picha moja, maana picha isiyo na namba ya mita inaweza kuwa ya jirani yako kwa wanavyojua wao.

Sasa ndo lalamika kwa kampuni na udai namba ya malalamiko. Ukipiga simu, ukikata tu waandikie imeili: leo saa nne asubuhi nimeongea na fulani, kasema itarekebishwa ndani ya siku saba, namba ya malalamiko ni hii. Simu bila imeili ya kufuatia ni kama hukupiga, hata kama wanarekodi, rekodi iko kwao sio kwako. Na ile sehemu ya bili isiyo na ubishi, hizo yuniti 120, lipa na utunze risiti, ukiandika kwamba salio unalipinga, maana ukikaa bila kulipa chochote stori itageuka kuwa wewe mdaiwa sugu.

Siku zao zikipita bila jibu, au wakikuandikia kwamba wamemaliza na bili iko sahihi, hapo mlango wa mdhibiti umefunguka. Jibu la mwisho usilifute kwa hasira, mara nyingi muda wako wa kwenda mbele unahesabiwa kuanzia tarehe yake. Barua iwe ukurasa mmoja: tarehe na kilichotokea kwa mpangilio, viambatanisho vyenye namba, halafu unataka nini. "Wamenionea" haina pa kushikwa, ila "bili ihesabiwe upya kwa usomaji 4218" mtu anaweza kuiamulia. Fidia ya usumbufu usiitegemee sana, wadhibiti wengine hawana mamlaka hayo, na kesi ikiwa tayari mahakamani wengi hawaigusi.

Wakikurekebishia usifunge faili bado. Subiri bili inayofuata, kuna mchezo wa yale makosa kurudi kimyakimya kama deni la nyuma, na hapo unawaandikia kwa namba ile ile ya malalamiko, sio mpya.