Kinaya, kejeli na kauli pungufu: boti moja, wasafiri watatu

Tuseme boti ya abiria inaondoka asubuhi mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwenda Mwamgongo. Kabla haijasukumwa majini, nahodha anawatoa watu hofu: "Ziwa limetulia, leo tutakwenda kama tuko kwenye lami." Haijapita nusu saa upepo unapiga, mawimbi yanaingia ndani, unga unalowa, watoto wanalia, na kila aliyekaa upande wa kushoto ameloa hadi kiunoni. Hakuna aliyeumia. Wakishafika salama, wasafiri watatu wanasema kila mmoja neno lake.

Wa kwanza anatazama mawimbi, hamsemeshi mtu: "Siku nzuri ya kusafiri hii."

Wa pili anamgeukia nahodha: "Hongera bwana nahodha. Unalijua ziwa kuliko dagaa wenyewe."

Wa tatu, mzee, anakamua kanzu yake taratibu: "Maji yametugusa kidogo."

Wa kwanza ametumia kinaya, wa pili kejeli, wa tatu kauli pungufu, yaani kusema jambo kwa kipimo kidogo kuliko kilivyo. Darasani mara nyingi zote tatu hutupwa kwenye kapu la "kinaya" kwa kuwa zote hazisemi ukweli ulivyo. Naona huo ni uvivu. Kila moja inaukwepa ukweli kwa njia yake, na ndiyo maana moja inaweza kusemwa mbele ya mkwe na nyingine ikazua ugomvi.

Nianze na tofauti iliyo rahisi kupima, ya kinaya na kauli pungufu. Chukua sentensi ya mzee uipandishe hatua kwa hatua: maji yametugusa kidogo, maji yametugusa, maji yametulowesha, maji yametulowesha chapachapa. Kila hatua inakusogeza karibu na kilichotokea. Sasa ipandishe ya msafiri wa kwanza: siku nzuri, siku nzuri sana, siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Kila hatua inakupeleka mbali zaidi na ukweli. Kipimo hiki sijaona kikishindwa kwenye sentensi za kawaida. Kauli pungufu imesimama upande uleule wa ukweli, ila imesimama chini. Kinaya imesimama upande wa pili kabisa.

Kutokana na hapo unaelewa kwa nini mzee hawezi kuitwa mwongo. Maji yamemgusa kweli. Akibanwa atasema, "Kwani hayakunigusa?" Msafiri wa kwanza hana utetezi wa aina hiyo; kilichomlinda ni kwamba kila aliyekuwa botini anajua siku haikuwa nzuri, na anajua kuwa yeye pia anajua.

Lakini kusema kinyume peke yake hakuzai kinaya, na hapa ndipo maelezo mengi ya vitabuni yanapoishia njiani. Maelezo ya zamani, tangu kwa Kwintiliani, mwalimu wa ufasaha wa Roma ya kale, ni kwamba kinaya ni kusema jambo huku ukikusudia kinyume chake. Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika maandishi yake ya mwaka 1975, aliongeza kuwa msemaji huvunja waziwazi kanuni ya kusema kweli ili msikilizaji atafute maana nyingine. Sawa. Ila geuza hali. Ziwa limetulia tuli, boti imefika salama, hakuna aliyekuwa na wasiwasi tangu mwanzo, halafu mtu anasema, "Safari mbaya sana hii." Amesema kinyume, amevunja kanuni waziwazi, na hakuna anayecheka. Watu watamuuliza kama anaumwa.

Jibu lilitolewa mwaka 1981 na watafiti wa lugha Dan Sperber na Deirdre Wilson: anayetumia kinaya hasemi neno lake mwenyewe, anarudia neno au tumaini la mtu mwingine ili kulionyesha lilivyo tupu. "Siku nzuri ya kusafiri" inafanya kazi kwa sababu kila msafiri hutamani siku nzuri, na zaidi kwa sababu nahodha aliiahidi. Ndiyo maana sifa hugeuzwa kuwa kinaya kirahisi kuliko lawama: matumaini mema tunayo daima, hayahitaji kutajwa. Lawama inahitaji mtu awe ameitabiri. Kama asubuhi ile kuna abiria alikataa kupanda akipiga kelele kwamba wote watazama, basi "Safari mbaya sana hii" kwenye maji matulivu itawavunja mbavu watu.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kinaya chako kitaeleweka, jiulize: narudia neno la nani, na je, msikilizaji alilisikia? Mtu aliyepandia njiani, hakuisikia ahadi ya nahodha, atapata nusu tu ya ladha.

Nitaje pia, kwa kuwa watu wa Kigoma tuna mfano wake bandarini, kwamba kuna kinaya isiyosemwa na mtu. Wajerumani waliiunda kwao meli iliyoitwa Graf von Goetzen, wakaileta vipandevipande na kuiunganisha hapahapa Kigoma, ikaanza kazi mwaka 1915. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiitumie, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi isiharibike, wakitumaini kuirudia. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Uangalifu uliokusudiwa kumnyima adui meli ndio uliomhifadhia. Kama ingezama kwa dhoruba na kuibuliwa na mtu yeyote, hiyo ingekuwa bahati tu. Kinaya ya hali inahitaji kusudio la mtu, na kusudio hilohilo limgeuke. Wanafunzi wengi wanaoandika "ni kinaya kwamba mvua ilinyesha siku ya harusi" wameusahau upande huo.

Turudi botini kwa msafiri wa pili. Maneno yake nayo ni kinyume: hakuna hongera wala ujuzi. Lakini kinachomfanya awe wa kejeli ni kwamba maneno yana mwenyewe. Mwondoe nahodha pale, aende kufunga kamba, uone: "Siku nzuri ya kusafiri hii" bado inasemeka, "Hongera bwana nahodha" haina pa kutua. Kejeli inataka mlengwa, na kwa kawaida inataka asikie, au aliye karibu naye asikie ampelekee.

Tena kejeli haidai kinyume. Angeweza kusema, "Nahodha, safari ijayo utuambie mapema tuje na sabuni," na hilo ni pendekezo lisilogeuza chochote. Bado linachoma. Kinaya ni chombo kimojawapo tu cha kejeli, na kejeli ina vyombo vingine: sifa iliyozidi, swali lisilotaka jibu, cheo asichonacho mtu. Ndiyo maana sentensi moja inaweza kuwa kinaya kwa msemaji mmoja na kejeli kwa mwingine. "Ziwa limetulia kweli leo," akijisemea mtu, ni kinaya. Akiisema amemkazia macho nahodha na kuivuta hiyo "kweeeli," imeshakuwa kejeli, bila herufi moja kubadilika.

Kiswahili kina alama zake za kuonyesha kwamba mlango wa kejeli umefunguliwa: "eti" mwanzoni mwa sentensi, "haya bwana," "hongera" isiyo na sababu, "mheshimiwa" kwa mtu asiye na wadhifa. Alama hizi zina mipaka ya heshima. Kijana aliyetoka kumwamkia mzee "shikamoo" hawezi dakika hiyohiyo kumwambia "hongera mzee wangu" kwa sauti ya kuvuta. Hata akiwa na haki, kosa litahamia kwake. Kauli pungufu haina kizuizi hicho. Kijana anaweza kumwambia nahodha mwenye umri wa baba yake, "Leo tumelowa kidogo, mzee," na malalamiko yakafika yote.

Katika kauli pungufu lugha yetu ni tajiri kuliko watu wanavyodhani. Kuna "kidogo." Kuna kukanusha upungufu: ukiambiwa samaki waliopatikana "si haba," jitayarishe kubeba. Kuna kiambishi cha kudogosha, kama mtu anayekukaribisha kwenye "kibanda" chake, kumbe nyumba ya vyumba vinne yenye bati na vigae. Usiichanganye na tafsida. Tafsida hufunika jambo lenye aibu au uchungu, kama kusema "ametutoka" badala ya "amekufa." Kauli pungufu haifuniki kitu, jambo liko wazi mbele ya wote, kilichopunguzwa ni kipimo tu.

Nayo huharibika. Mwaka 2008 waziri mmoja wa Tanzania, alipoulizwa kuhusu fedha zake zilizoripotiwa kufika dola milioni 1 katika akaunti ya nje ya nchi, alizitaja kama "vijisenti." Neno hilo lilisambaa nchi nzima kama mzaha, dhidi yake. Kisarufi hakukosea: ni kidogosho kilekile cha "kibanda." Tofauti ni kwamba mzee wa botini alipunguza hasara yake mwenyewe, na anayesema "kibanda" huwa anamweka mgeni juu yake. Aliyesema "vijisenti" alipunguza kitu ambacho wasikilizaji wake hawakuwa nacho, na kwa hiyo akapunguza na wao. Punguza shida yako, au sifa yako mbele ya mgeni. Shida ya mwenzako ukiipunguza, kwa mfano kumwambia aliyelowa unga gunia zima kwamba "umelowa kidogo," hutaeleweka kama mtu mwenye kauli pungufu, utaeleweka kama mtu mwenye kejeli.

Kwenye simu, matatizo yote haya huongezeka maana sauti na uso havipo. Mtu akiandika kwenye kundi la WhatsApp, "Hongera nahodha kwa safari nzuri," walioachwa nyumbani watajibu "Amina, karibuni tena," na nahodha mwenyewe ataweka kidole gumba. Kuongeza vikatuni vya kicheko husaidia kidogo tu, kwa kuwa watu hutumia hivyohivyo kwenye furaha ya kweli. Kinachosaidia ni kuliweka ndani ya ujumbe lile neno linalorudiwa, kisha ukweli ufuate kwa kipimo pungufu:

"Nahodha alisema tutakwenda kama tuko kwenye lami. Lami ilikuwa na maji kidogo."

Sentensi ya kwanza ni taarifa tu, lakini inamfikishia hata asiyekuwepo ile ahadi. Ya pili inaipindua ahadi kwa kauli pungufu, bila kumtukana mtu, na nahodha anaweza kucheka pamoja na wengine. Ukiongeza ya tatu, "Hongera sana mheshimiwa," kinaya chote kilichotangulia kinageuka kejeli, maana sasa kina mlengwa, tena mbele ya kundi zima, naye hana njia ya kujibu isipokuwa kunyamaza au kugomba.