Kifafa darasani: imla yenye mapengo

Dhana: Mtoto asiyeanguka wala kutoka povu hana kifafa. Huyo anazubaa tu.

Ukweli: Kipo kifafa cha kuduwaa. Macho yanaganda, pengine kope zinacheza, na baada ya sekunde 5 hadi 20 mtoto anaendelea na alichokuwa akifanya. Asipotibiwa, hali hiyo huweza kumrudia makumi ya mara kwa siku. Chukua mfano wa msichana wa darasa la tatu. Mwalimu anasoma imla: "Juma alikwenda sokoni kununua samaki na nazi." Daftarini pameandikwa: "Juma alikwenda samaki na nazi." Hakuna herufi iliyokosewa. Asiyejua tahajia huboronga huku na huku, lakini huyu katikati hakusikia kitu. Ukimgusa bega wakati ule haitiki, ilhali aliyezama katika mawazo yake hushtuka.

Dhana: Amepimwa akili, alama zake ni za chini, basi akili yake ni nzito.

Ukweli: Amepimwa siku gani? Baada ya kifafa cha kuanguka, kumbukumbu na umakini huweza kufifia kwa saa kadhaa, hata siku. Kwa hiyo kabla ya kufungua karatasi, muulize mzazi: kifafa cha mwisho kilikuwa lini, usiku alilala vipi, dawa imebadilishwa lini. Kama kilikuwa jana usiku, ahirisha.

Tuseme msichana wetu anatajiwa tarakimu 3-8-5-1 ili azirudie, naye anaduwaa kwenye 8. Swali hilo usilipe sifuri. Lifute, andika saa, kisha mpe tarakimu nyingine nne. Watoto wengi wenye kifafa pia hufikiri taratibu, kwa hiyo muda ukiisha weka alama ya kalamu alipofikia, mwache amalize, halafu uandike matokeo mawili: ya ndani ya muda na ya bila muda. Tofauti ya matokeo hayo mara nyingi hunieleza mengi kuliko jumla ya alama. Hadithi fupi aliyoisimulia vizuri baada ya nusu saa, muulize tena wiki ijayo, maana kuna watoto ambao kwao hupotea ndani ya siku hizo. Ndio wale wanaosomeshwa nyumbani, wakajua, wakafeli Ijumaa.

Dhana: Ukorofi wake ni malezi mabaya.

Ukweli: Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayotumika sana kwetu, huwafanya baadhi ya watoto wasinzie, na wengine wasitulie na wawe na hasira. Lakini si kila kitu ni dawa: kutotulia, hofu na huzuni huweza kuonekana hata kabla ya kifafa cha kwanza. Linganisha tarehe. Vurugu zikianza wiki chache baada ya dawa mpya au dozi kupandishwa, peleka daftari la tarehe hizo kliniki. Usiikate dawa mwenyewe, kwani kuiacha ghafla huweza kuleta kifafa kisichokoma.