Kitufe kinachojirudia: muda wa kusubiri na kasi

Bonyeza kitufe cha herufi m usikiachie. M ya kwanza inatokea papo hapo, kunafuata kimya kifupi, kisha zinamiminika: mmmmmm. Kile kimya ni muda wa kusubiri, nao hupimwa kwa milisekunde. Ule mmiminiko ni kasi ya kurudia, yaani herufi ngapi zinaandikwa kila sekunde. Watu wengi huvichanganya viwili hivi, wakapunguza kimoja ilhali kinachowasumbua ni kingine.

Kibodi ya USB haihusiki na kurudia huku. Yenyewe hutoa habari mbili tu: kitufe kimebonyezwa, kitufe kimeachiwa. Anayehesabu muda na kuzidisha herufi ni mfumo wa kompyuta, ndiyo maana marekebisho hufanyika humo. Kwenye Linux inayotumia X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, amri ya kwanza huonyesha hali ilivyo na ya pili huibadilisha:

```
xset q
xset r rate 300 30
```

Namba ya kwanza ni milisekunde za kusubiri, ya pili ni marudio kwa sekunde. X11 ikiachwa bila kuguswa huanza na 660 na 25.

Tuone tofauti yake kwa kazi halisi. Unataka kufuta herufi 40 kwa kushikilia Backspace. Kwa 660 na 25, herufi ya kwanza inafutika mara moja, ya pili baada ya milisekunde 660, na 38 zilizobaki zinafutika moja kila milisekunde 40. Jumla ni kama sekunde 2.2. Kwa 300 na 30 kazi hiyohiyo inachukua kama sekunde 1.6. Angalia nafuu hiyo imetoka wapi: milisekunde 360 zimeokolewa kwenye kusubiri, na 250 hivi tu kwenye kasi. Ukihisi kompyuta ni nzito, anza na kusubiri.

Kwa nini basi tusiongeze kasi hadi 60? Tatizo ni kidole. Tangu jicho lione mshale umefika pale unapotaka hadi kidole kiinuke, hupita takriban sehemu ya tano ya sekunde, na muda wote huo kitufe kinaendelea kurudia. Kwa kasi ya 25 utapitiliza herufi tano hivi, kwa 30 sita, kwa 60 kumi na mbili. Herufi sita unazirudisha bila kuwaza. Kumi na mbili ni maneno mawili mazuri uliyoyafuta bila kukusudia. Kwa maoni yangu, zaidi ya 40 ni hasara kwa yeyote anayeandika matini ya kawaida.

Muda wa kusubiri nao una mpaka wake wa chini. Mwandishi mwenye mkono mwepesi hukishikilia kitufe kwa takriban milisekunde 100 kila anapokigusa, lakini anayetafuta herufi kwa macho hukawia zaidi. Kusubiri kukiwa kufupi kuliko mguso wako mrefu, utaanza kuona “kaalamu” na “nyumbbani”. Shuka hatua kwa hatua, milisekunde 50 kila mara, andika aya moja, na herufi pacha zikianza kujitokeza rudi nyuma hatua moja. Mwenye mkono unaotetemeka apande badala ya kushuka, hata 800 au 1000, na hana sababu ya kuona vibaya.

Herufi pacha hazisababishwi na mpangilio peke yake. Kitufe kilichochakaa hurukaruka ndani, kikatuma mibonyezo miwili kwa mguso mmoja. Ili kutofautisha, zima marudio kabisa:

```
xset r off
```

Andika kwa dakika chache. Pacha wakiendelea kutokea, ugonjwa uko kwenye kibodi na hakuna namba itakayouponya. Wakitoweka, muda wako wa kusubiri ulikuwa mfupi mno. Washa tena kwa `xset r on`.

Kuna dalili nyingine inayopotosha: umeshaachia kitufe, lakini mshale bado unakimbia. Hapo programu imeelemewa na inamalizia foleni ya marudio iliyokwisha pokea. Hutokea sana ukifanya kazi kwenye kompyuta ya mbali. Punguza kasi hadi 20 na usiguse muda wa kusubiri.

Mpangilio wa `xset` hudumu hadi unapotoka tu, na mara nyingi hupotea hata ukichomoa kibodi na kuichomeka tena, kwa hiyo iweke amri hiyo katika faili linaloendeshwa unapoingia. Na ukiwa kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, `xset` haitakusaidia. Kwenye GNOME namba hizo huwekwa hivi:

```
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.keyboard delay 300
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.keyboard repeat-interval 33
```

Namba ya mwisho hapa si marudio kwa sekunde bali ni milisekunde kati ya herufi moja na inayofuata, hivyo 33 ni sawa na marudio 30. Ukiandika 30 ukidhani ni ileile, tofauti ni ndogo. Ukiandika 10 ukidhani unapunguza kasi, utapata mafuriko ya herufi 100 kwa sekunde.