Neno bandia si herufi za kukoroga

Tafadhali, anayetengeneza jaribio la kusoma asiniletee tena orodha ya “maneno bandia”, yaani maneno ya kubuni yasiyo na maana ambayo msomaji anapaswa kuyatamka, yaliyopatikana kwa kukoroga herufi. “Tmepo” si neno bandia, ni takataka. Zipange upya herufi zilezile upate “mtepo”: sasa kuna M inayosimama kama silabi, kisha silabi mbili zinazoishia kwa irabu. Msomaji wa Kiswahili analitamka bila kusita, kisha anaanza kujiuliza ni kitu gani hicho.

Kinachomfanya ajiulize ni ngeli. M- ya mwanzo inamwambia kuwa hili huenda ni nomino, na wingi wake “mitepo” au “watepo”. Maana hakuna, ila nafasi ya maana imeshatengwa. Mwaka 1958 mwanaisimu Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Marekani kidude alichokiita “wug”, nao wakakitia wingi wa Kiingereza papo hapo. Kiswahili kinakwenda mbali zaidi. Soma “amelipelosha”: yupo mtendaji, jambo limeshatendeka, kuna kitu kimoja cha ngeli ya LI-YA, na -sha inadokeza kwamba kimefanywa kiwe vile. Mzizi pekee ndio mtupu. Kwa hiyo anayedai kwamba sauti hizi zinabeba “maana iliyofichika” anaona sarufi na kuidhania uchawi.

Hata hivyo, “mtepo” nao haufai. Badili herufi moja tu, unapata “mtego”. Badili nyingine, unapata “mtepe”, jahazi la kushonwa ambalo watu wa pwani wanalijua. Mtoto akisoma “mtego”, hujui kama ameshindwa kuunganisha silabi au amekisia neno analolijua. Na kosa hilo halionekani ukijumlisha alama tu, mpaka uandike alichotamka. Basi chukua neno halisi, badili angalau konsonanti mbili, uache muundo wa silabi ulivyo. Kisha pitia herufi moja moja, ukiibadilisha na kutafuta kwenye kamusi jirani, yaani neno halisi linalotofautiana nalo kwa herufi moja tu. “Mdefo” unapona vizuri zaidi. Halafu uwasomee watu wa eneo husika, maana kamusi haina misimu ya mtaani wala lugha ya nyumbani kwa mtoto.

Maneno ya mkopo ndiyo yanayonitatiza. Kanuni ya silabi wazi ingekataa “skelimu”, lakini aliyezoea “stesheni” na “klabu” hashtuki. Kwake ni neno la kigeni ambalo bado hajalisikia. Kwa mtoto wa darasa la kwanza huenda ni mkorogo mtupu. Mimi huliondoa kwenye orodha ya watoto na kuliacha kwa watu wazima, ingawa mpaka huo nauweka kwa kukadiria.

Lipo na fundo jingine. Neno lenye silabi za kawaida huwa pia na majirani wengi, kwa hiyo likionekana “kama neno kweli”, ni vigumu kusema limesaidiwa na silabi au na majirani. Ukiwapunguza majirani, mara nyingi unajikuta umebaki na silabi adimu, na jaribio limebadilika bila wewe kukusudia.